Ile RSVP kwenye kadi si namba ya kutumia mchango

Dada mmoja wa Ipogolo, Iringa, ameniandikia: amepewa kadi ya send-ofu, chini kuna RSVP na namba mbili za simu. Mchango alishamaliza. Je, bado anatakiwa kupiga?

Ndiyo dada, piga. Au tuma meseji, inatosha. Herufi hizo ni kifupi cha Kifaransa, *répondez s'il vous plaît*, yaani jibuni tafadhali. Mchango wako umeonyesha upendo, lakini haujasema kama utakuja kukaa kwenye kiti.

Nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati ya send-ofu hapa Mbeya. Tulitoa kadi 140: 100 za singo na 40 za dabo, jumla watu 180. Mpishi alitaka idadi kamili wiki moja kabla, maana analipwa kwa kichwa, na sisi tulikubaliana shilingi 15,000. Simu ya RSVP ilikuwa yangu, na karibu yote iliyoleta ni watu wanaouliza kama wanaweza kuja na mtoto. Walionyamaza tuliwahesabu kuwa wanakuja. Ungefanyaje? Ukiwatoa kisha wakatokea, utawalisha nini?

Wakaja 131. Sahani 49 zikalipiwa bila mlaji, shilingi 735,000. Hela iliniuma, ila kilichoniuma zaidi ni ndugu wa Tukuyu na Chunya tuliowanyima kadi kwa sababu ukumbi "umejaa". Jumatatu mama mmoja wa kikoba chetu akaniambia, "Nilinyamaza, si mngeelewa tu kwamba siji?" Hapana mama, hatukuelewa. Asiyekuja ndiye anayetakiwa kujibu mapema kuliko wote, ili kiti chake apewe mwingine.

Meseji yenyewe haihitaji maneno mengi. Taja jina lililoandikwa kwenye kadi, maana kamati haina namba yako, kisha sema mko wangapi:

"Shikamoo. Ni Mama Neema, kadi ya dabo. Nitakuja peke yangu, baba amesafiri."

Hapo umeokoa sahani moja. Kama huendi, andika hivyo na uwatakie heri. Sababu si lazima. Kadi ikiwa na tarehe ya mwisho ya kujibu, jibu kabla yake. Isipokuwa nayo, jibu ndani ya siku chache baada ya kuipokea, usingoje ile wiki ambayo mpishi yuko sokoni Mwanjelwa akinunua mchele. Ukishasema unakuja kisha ukapata msiba, tuma meseji nyingine.

Na jamani, kujibu hakukupi ruhusa ya kuongeza watu. Kadi ya singo ni ya mtu mmoja, hata kama shemeji yako amefika kutoka Songea asubuhi hiyo hiyo. Kuna kadi nyingine huandikwa kwamba ujibu tu kama hutafika. Hiyo pekee ndiyo unaweza kunyamaza nayo, ukatokea mlangoni na kadi yako mkononi.