Jibu: Picha ya kamera ya duka, tumtaje?

"Simu imeibiwa dukani kwangu Majengo. Kijana wa kaunta ameona picha ya kamera, anasema ni yule wa kijiweni, ana uhakika. Niirushe grupu la mtaa na jina?"

Pole sana mkuu. Jina usilitaje kwanza. Muulize kijana: huyo wa kijiweni amekula naye, amefanya naye kazi, au humpita tu asubuhi? Hapo ndipo penye jibu.

Mtu uliyemzoea umemwona akicheka, akiwa na kofia, juani na gizani, kwa hiyo hata picha mbovu unamjua. Mgeni unamjua kwa picha ile ile moja tu. Mwanga au kamera ikibadilika, kwako ni mtu mwingine. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliwapa watu picha 40 wazitenge, kila mtu fungu lake. Wasiowajua waliopigwa picha walitenga mafungu kama saba au nane. Kumbe waliopigwa picha walikuwa wawili tu! Waliowajua walipata mawili bila shida. Na kosa hugeuka: wageni wawili wanaofanana tunawaona mmoja.

Mimi niliponzwa na hilo hapa Dodoma. Watatu tuliapa kwamba kwenye picha ni fundi fulani wa jirani. Mkewe alipoiona akasema papo hapo, "Huyu siye, hata masikio siyo yake." Na kweli, siku ile alikuwa Kondoa msibani. Tulikuwa tumeshamchafua.

Kwa hiyo picha peleka polisi pamoja na video nzima, halafu wanaomjua kweli huyo wa kijiweni waonyeshwe bila kutajiwa jina.