Kabla hujasaini maelezo ya onyo polisi, soma hii kwanza

Hii nimeiandika sababu juzi kijana wa mtaani kwetu kakamatwa, na mama yake kaja kwangu usiku analia anauliza "sasa akatae kuongea si ndo watajua kaiba?" Nikakaa nae mpaka saa 6, nikaona bora niandike maana najua wengi wanawaza hivohivo.

Mimi nilikua stoo kipa kwenye godauni moja hapa Dar. Siku moja mzigo ukapungua, bosi akaita polisi, saa 3 asubuhi nikachukuliwa mimi na mlinzi. Kituoni nikawekwa lokapu mpaka saa 10 jioni bila kuulizwa chochote, njaa, simu wamechukua, nyumbani hawajui nilipo. Ndo akaja mpelelezi, mpole kabisa, akaninunulia soda, akasema mdogo wangu hii kitu ndogo, we nieleze tu ilivyokua nikuandikie urudi kwa watoto. Nikaeleza. Nikamwambia funguo za stoo nilikua nazo mimi, na kuna siku nilimwachia mwenzangu nikaenda msibani. Akaandika kurasa tatu, akasema saini hapa na hapa na hapa, nikasaini sikusoma. Kule ndani kulikua na sentensi inasema nilishirikiana na mwenzangu kutoa mzigo. Niliiona mara ya kwanza mahakamani.

Sasa lile karatasi linaitwa maelezo ya onyo, na onyo lenyewe liko pale juu mwanzoni, kwamba hulazimishwi kusema chochote na utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Watu wanalipita kama vile ni salamu. Kumbe sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema mpelelezi lazima akuambie, kwa lugha unayoielewa vizuri, kwamba hulazimiki kujibu swali lolote isipokua jina lako na unapoishi, na kwamba unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kwa hiyo jina na anwani utataja, usibishe hapo. Mengine unaweza kusema kwa heshima "afande, naomba nisiseme kitu mpaka ndugu yangu au wakili afike", na hilo sio kosa wala sio kukiri.

Na kwanini usiseme wakati hujaiba? Hili ndo swali la yule mama. Jibu ni kwamba kazi ya kuthibitisha sio yako. Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia, na anaethibitisha ni upande wa mashtaka, tena pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Mimi kwa ile hofu nilienda kujitetea saa 10 jioni nina njaa mbele ya mtu anaeandika kwa maneno yake, nikawapa wao ushahidi ambao hawakua nao. Kabla sijafungua mdomo walichokua nacho ni bosi kusema mzigo umepungua, basi.

Kama ukiamua kuongea, na kuna wakati kuongea kunasaidia mfano una risiti au ulikua safarini, basi angalia mambo mawili. La kwanza ni muda. Mahojiano yanatakiwa yafanyike ndani ya masaa 4 tangu ulipowekwa chini ya ulinzi, na wakihitaji zaidi kuna utaratibu wa kuongeza, unafanywa na afisa msimamizi kabla yale manne hayajaisha, na yeye mwenyewe hawezi kuongeza zaidi ya masaa 8, akitaka zaidi ya hapo inabidi aombe kwa hakimu. Muda wa kukusafirisha kwenda kituoni au kumsubiri wakili wako hauhesabiwi. Mimi masaa 4 yangu yaliisha saa 7 mchana, maelezo yakaanza saa 10, na hakuna aliyeomba nyongeza. La pili ni kusoma. Una haki ya kuyasoma au kusomewa, ukarekebisha, ukaongeza kilichoachwa, halafu mwishoni unaandika mwenyewe kwa mkono wako kwamba umesoma na ni sahihi. Kama sio sahihi usiandike hivyo. Ukiona "tulishirikiana" na hukusema tulishirikiana, mwambie aikate na mweke saini zenu pembeni ya hapo alipokata.

Nikashtakiwa kwa wizi nikiwa mtumishi. Dhamana ilikuepo ila nilikaa mahabusu kama wiki mbili mana wadhamini wangu barua za serikali ya mtaa zilichelewa, na humo ndani ndo mzee mmoja, mahabusu wa siku nyingi, alinifundisha kitu ambacho naamini kiliniokoa. Aliniambia siku polisi atakaposimama kutoa yale maelezo yawe kielelezo, hakimu atakuuliza una pingamizi? Pale pale sema unapinga. Ukinyamaza yakapokelewa, halafu ukaja kulalamika siku ya kujitetea, umechelewa. Na useme unapinga nini, maana kusema "nilisaini lakini sikutoa kwa hiari, niliahidiwa kurudi nyumbani" sio sawa na kusema "sikuyatoa kabisa hayo maneno", na kuhusu muda nayo ni hoja yake peke yake.

Siku ikafika nikasimama miguu inatetemeka nikasema mheshimiwa napinga, nilikamatwa saa 3 na hayo yameandikwa saa 10, na niliahidiwa kuachiwa. Kesi ikasimamishwa kwanza, ikafanyika uchunguzi mdogo ndani ya kesi kuhusu hayo maelezo tu, na wanaotakiwa kuthibitisha kwamba nilitoa kwa hiari ni wao sio mimi. Daftari la mahabusu likaletwa, limeandikwa nimeingia saa 3 na nusu. Hakimu akayakataa. Sio kila mara yanakataliwa kwa muda kupita, kuna kesi mahakama imekubali sababu ya upelelezi kua mgumu, lakini kwangu hakukua na sababu yoyote iliyotolewa. Baada ya hapo walibaki na bosi na karatasi za hesabu ambazo hazikuonyesha nani katoa mzigo, hakimu akasema sina kesi ya kujibu, nikaachiwa. Sikujitetea hata neno moja.

Ila hapa naomba mnielewe vizuri mana watu wanachanganya. Kunyamaza polisi na kunyamaza mahakamani ni vitu viwili. Hakimu akisema una kesi ya kujibu, unaweza bado kukaa kimya, lakini sheria ya kwetu Tanzania inairuhusu mahakama kutafsiri ukimya huo dhidi yako, na wakili wa serikali anaruhusiwa kuuzungumzia. Haimaanishi unafungwa kwa kukaa kimya tu, bado lazima ushahidi wao usimame, ila kufika hapo na una maelezo mazuri ukayaweka mfukoni mimi siwezi kukushauri.

Yule mama nilimwambia aende kituoni asubuhi na mapema, aulize kaunta kijana kaingia saa ngapi, aandike kwenye karatasi yake muda huo na jina la afande aliyemjibu, halafu aombe kumwona na amwambie jambo moja tu, asisaini kitu hajasoma. Kumbe kijana alikua ameshaambiwa na mahabusu mwenzie ndani, alikua anamsubiri mama yake tu.