Gesi Ile Ile, Hali Zile Zile, Joto Tofauti: Ushauri kwa Wanaoanza Themodinamiki

Katika kusahihisha kazi za wanafunzi wanaoanza themodinamiki, maneno ninayokutana nayo mara nyingi kuliko mengine ni "joto lililomo ndani ya gesi". Yanasomeka vizuri na hayaonekani kuwa na ubaya, lakini yakishakaa kichwani, kila hesabu ya mzunguko inayofuata humkanganya aliyeyaandika. Ndani ya gesi hamna joto, wala hamna kazi. Kilichomo ni nishati ya ndani, yaani nishati ya mwendo wa atomu au molekuli pamoja na ile inayotokana na nguvu zilizopo baina yao. Joto na kazi ni majina ya namna mbili za nishati kuvuka mpaka wa gesi: joto huvuka kwa sababu ya tofauti ya jotoridi kati ya gesi na kilicho nje yake, na kazi huvuka kwa sababu kuna kitu kinachosukumwa, kama pistoni, au kinachokorogwa, kama pangaboi lililozama majini. Nishati ikishavuka, haibaki na alama inayoonyesha iliingia kwa mlango upi.

Swali la haki ambalo mwanafunzi makini hulileta ni hili: tunajuaje kwamba nishati ya ndani inategemea hali peke yake? Jibu lake linatokana na majaribio, na ningependa ulishike mapema, kwa sababu vitabu vingi hulipita haraka na kumwachia msomaji mlinganyo mtupu. Katika miaka ya 1840 James Joule alipasha maji kwa njia mbalimbali huku akijitahidi kuzuia joto lisipotee wala kuingia. Mara aliacha mizito ianguke na kuzungusha mapangaboi ndani ya maji, mara alitumia mkondo wa umeme, mara msuguano wa vyuma, mara kubana hewa. Kwa kadiri vipimo vyake vilivyoruhusu, kazi iliyohitajika ili kupandisha jotoridi la kiasi fulani cha maji kwa kiwango fulani ilikuwa moja, bila kujali ilifanywaje.

Tazama uzito wa matokeo hayo. Kama chombo kimezuiwa joto, na kazi inayohitajika kukitoa hali A hadi hali B ni ile ile kwa kila njia, basi kazi hiyo inategemea ncha mbili tu, na tunaweza kuipa kila hali nambari yake, U, ambayo tofauti yake kati ya B na A ni sawa na kazi hiyo. Hiyo ndiyo nishati ya ndani. Sasa ondoa kizuizi cha joto. Kazi haitalingana tena na badiliko la U, na pengo linalobaki kati ya viwili hivyo ndilo tunaloliita joto. Kwa kuwa tofauti ya U imefungwa na ncha zake, ilhali kazi inaruhusiwa kubadilika kutoka njia moja hadi nyingine, joto halina budi kubadilika pamoja na kazi ili hesabu ifunge. Nikichukua kazi inayofanywa na gesi kuwa chanya, mlinganyo ni huu:

ΔU = Q − W

Vitabu vingi vya kemia huchukua kazi inayofanywa juu ya gesi kuwa chanya na kuandika alama ya kujumlisha. Chagua desturi moja na usiichanganye na nyingine ndani ya swali moja.

Tuchukue sasa takribani moli 0.4 za gesi ya heliamu ndani ya silinda yenye pistoni. Hali A ina kanieneo la kilopaskali 100 na ujazo wa lita 10, ambapo jotoridi ni karibu kelvini 300. Hali B ina kilopaskali 200 na lita 20, na jotoridi lake ni karibu kelvini 1200. Kilopaskali moja ikizidishwa kwa lita moja ni jouli moja, jambo linalorahisisha hesabu yote. Kwa gesi ya atomu mojamoja kama heliamu, U = (3/2)PV, kwa hiyo U ni jouli 1500 kwenye A na jouli 6000 kwenye B. Badiliko ni jouli 4500, na tumelipata kabla hatujasema lolote kuhusu njia.

Njia ya kwanza inaanza kwa kuifunga pistoni isisogee na kupasha gesi mpaka kanieneo lifike kilopaskali 200. Hakuna kilichosukumwa, hivyo kazi ni sifuri, na joto lililoingia ni sawa na ongezeko la U, jouli 1500. Kisha tunaifungua pistoni na kupasha polepole huku kanieneo likibaki kilopaskali 200, mpaka ujazo ufike lita 20. Hapa gesi inafanya kazi ya 200 × 10, yaani jouli 2000, na U inaongezeka kwa jouli 3000, hivyo joto linaloingia ni jouli 5000. Jumla ya njia hii ni joto la jouli 6500 na kazi ya jouli 2000.

Njia ya pili inageuza mpangilio. Kwanza gesi inatanuka kwa kilopaskali 100 hadi lita 20: kazi ni jouli 1000, U inaongezeka kwa jouli 1500, na joto ni jouli 2500. Kisha pistoni inafungwa na gesi inapashwa mpaka kilopaskali 200, ambapo joto la jouli 3000 linaingia bila kazi yoyote. Jumla ni joto la jouli 5500 na kazi ya jouli 1000. Gesi imeondoka hali ile ile na kufika hali ile ile, na katika njia zote mbili tofauti ya joto na kazi ni jouli 4500, lakini joto lenyewe limepishana kwa jouli 1000. Sababu iko wazi ukichora grafu ya kanieneo dhidi ya ujazo: kazi ni eneo lililo chini ya mstari uliopitwa, na katika njia ya kwanza gesi ilitanuka huku ikisukuma kwa kanieneo kubwa zaidi. Kazi iliyoongezeka ilipaswa kulipiwa na joto lililoongezeka.

Ukienda kwa njia ya kwanza na kurudi kwa ya pili, unafunga mstatili kwenye grafu. U inarudi ilikoanza, na gesi imetoa kazi halisi ya jouli 1000 kwa kupokea joto halisi la jouli 1000. Injini ya joto ni mzunguko wa aina hii. Kama joto lingekuwa kiasi kilichohifadhiwa ndani ya gesi, jumla yake ingekuwa sifuri kila gesi inaporudi mwanzo, na hakuna mzunguko ambao ungetoa kazi. Hapo pia pana kipimo cha kujisahihisha: ukiona katika hesabu yako ya mzunguko kwamba jumla ya joto ni sifuri ilhali mstatili una eneo, umeichukulia Q kama U mahali fulani. Kwa sababu hiyo nawasihi wanafunzi wasiandike ΔQ wala ΔW. Alama ya Δ maana yake ni thamani ya mwisho kutoa ya mwanzo, na joto halina thamani ya mwanzo wala ya mwisho.

Pembe mbili za mstatili huo zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Pembe ya juu kushoto ina kilopaskali 200 na lita 10, na ya chini kulia ina kilopaskali 100 na lita 20. Zote zina PV ya jouli 2000, jotoridi la kelvini 600 hivi, na U ya jouli 3000. Ukitoka ya kwanza hadi ya pili kwa kupitia B, kazi na joto ni jouli 2000 kila kimoja. Ukipitia A, ni jouli 1000. Ukitanua gesi polepole huku jotoridi likishikiliwa palepale, ni 2000 × ln 2, karibu jouli 1386. Na kuna njia ya nne: weka gesi upande mmoja wa chombo kisichopitisha joto, upande wa pili wenye lita 10 uwe mtupu kabisa, kisha uondoe kizuizi cha katikati. Gesi inajitawanya yenyewe, haisukumi kitu, haipokei joto, na inatulia kwenye pembe ya pili ikiwa na kazi sifuri na joto sifuri.

Njia hiyo ya nne ndiyo inayowanasa wengi, kwa kuwa wanaona ujazo umeongezeka kwa lita 10 na mara moja wanazidisha kwa kanieneo. Kuzidisha kanieneo la gesi kwa ongezeko la ujazo kunafaa tu pale gesi inapotanuka polepole kiasi cha kuwa na kanieneo moja linalojulikana katika kila hatua. Katika kujitawanya kwa ghafla, gesi haina hata mstari wa kuchorwa kwenye grafu. Ina nukta mbili tu, mwanzo na mwisho. Hata hivyo badiliko la U linahesabika bila shida, kwa kuwa U haihitaji mstari.

Kinachowafanya wengi waamini kwamba joto nalo hutegemea hali ni kwamba maabara hutupa hali maalumu. Pistoni ikifungwa, Q inalingana na ΔU. Kanieneo likishikiliwa palepale, Q inalingana na badiliko la U + PV, yaani enthalpi, ambayo nayo hutegemea hali tu. Kalorimita iliyo wazi hewani hufanya kazi chini ya sharti hili la pili, na ndiyo maana kanuni ya Hess ya mwaka 1840 inaruhusu kujumlisha joto la mmenyuko hatua kwa hatua kana kwamba njia haina maana. Njia ina maana. Ila imeshachaguliwa na sharti la kanieneo lisilobadilika. Uonapo jedwali la joto la mmenyuko, soma kwanza sharti lililoandikwa juu yake.

Kwa mwenye kufahamu kalkulasi kidogo, kuna jaribio fupi la kutenganisha aina hizi mbili. Kwa heliamu yetu, hatua ndogo ya polepole ina dU = (3/2)P dV + (3/2)V dP, kazi yake ni P dV, na joto ni (5/2)P dV + (3/2)V dP. Chukua kizidishi cha dV uone kinavyobadilika na P, kisha kizidishi cha dP uone kinavyobadilika na V. Kwa U unapata 3/2 na 3/2, zinalingana. Kwa kazi unapata 1 na 0. Kwa joto unapata 5/2 na 3/2. Panapolingana, kiasi kinategemea hali. Pasipolingana, kinategemea njia. Tofauti kwa joto na kwa kazi ni 1 ile ile, na ukiizidisha kwa eneo la mstatili wetu unapata zile jouli 1000. Ukiligawa joto hilo kwa jotoridi kabla ya kulipima, vizidishi vinakuwa nR(5/2)/V na nR(3/2)/P. Cha kwanza hakibadiliki na P, cha pili hakibadiliki na V, na majibu yote mawili ni sifuri. Kiasi hicho kipya, entropi, kinategemea hali tu, ingawa kimetokana na joto.