Inveta ndogo ya sola inazima kila alasiri? Pima volti kabla hujanunua paneli

Kama una zile inveta ndogo zinazofungwa chini ya kila paneli na moja inazima kila siku kuanzia saa nane mchana, usikimbilie kununua paneli mpya, mimi nilikaribia kabisa. Kwangu ziko nane, paa linaangalia magharibi, na ile ya mwisho kwenye waya ilikuwa inapotea kwenye apu, inarudi baada ya dakika kama tano, inapotea tena, mpaka saa kumi ndo inatulia.

Fundi akasema paneli haziendani, maana hiyo moja niliiongeza baadaye na wati zake ni nyingi kuliko za wenzake. Lakini hapa kila paneli ina inveta yake, na paneli ikizidi kidogo inveta inagota tu kwenye kiwango chake, haizimi. Tukajaribu hivyo hivyo: tukazima breka kwanza, ndo tukachomoa plagi na kubadilishana paneli na ya jirani. Kesho yake ikazima inveta ileile, basi paneli haina kosa.

Nikashuku mawasiliano, kwa sababu inveta zinaongea na kisanduku kinachopeleka taarifa kwenye apu kupitia waya huohuo wa umeme na pampu au chaja mbovu inaweza kuvuruga. Hii unaijua kwa kuangalia jumla ya uniti kabla haijapotea na ikisharudi: ikiwa imeongezeka, ilikuwa inazalisha kimya kimya. Yangu haikusogea, kwa hiyo ilizima kweli.

Ndo tukapima volti, saa nane na nusu jua likiwa kali. Kwenye meni swichi 247, kule juu mwisho wa waya 254, na inveta zangu zimewekewa mwisho 253, yaani 230 ukijumlisha asilimia 10. Hizo 7 zinatoka wapi? Fundi wa mwanzo alivuta waya wa 2.5 kwa mita 40, na inveta zote zikisukuma karibu ampea 12 volti inapanda kadiri unavyokwenda mbali na meni swichi, sasa ya mwisho ndo inaona kubwa kuliko zote. Ikizima, ampea zinapungua, wenzake wanapona, yenyewe inasubiri volti itulie kisha inawaka, mchezo unaanza upya. Asubuhi ampea ni chache ndo maana hakuna shida.

Tulibadilisha tukaweka waya wa 6, ongezeko likashuka toka 7 hadi kama 3, na haijazima tena.

Ila kama meni swichi yenyewe inasoma 253 hata sola ikiwa imezimwa, waya mnene hautakusaidia. Andika vipimo vya siku kadhaa pamoja na saa zake upeleke shirika la umeme, na usikubali fundi akupandishie kikomo kwenye mipangilio ya inveta bila ruhusa yao, maana friji na taa zako zinakula volti hiyohiyo.