Fimbo ya pampu kurefuka, kisima cha mita 80

"Fimbo ya chuma milimita 12, silinda 63, mwendo 125, bomba la chuma. Kurefuka kunakula maji kiasi gani? Niko Chamwino."

Habari ndugu. Uzito wa fimbo yenyewe unairefusha milimita 1 tu, nao haupunguzi maji kwa sababu haubadiliki. Kinachokula mwendo ni maji: kilo 250 hivi huishika fimbo kila inapopanda na kuiachia inaposhuka. Hapo fimbo huvutika karibu milimita 9 kabla pistoni haijasogea.

Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ijae kwa mipigo kama 55 badala ya 51. Mimi huku Kondoa nilihesabu 80, nikalaumu fimbo bure. Tulipoivuta, mpira wa pistoni ulikuwa umelika upande mmoja. Anza kuangalia hapo.