Kabla hujaandika namba ya mteja, mwambie utaifanyia nini

Zamani nilikuwa naomba namba huku napokea pesa: "Namba yako ya simu?" Wateja walitaja bila kusita, daftari likajaa. Siku nilipotuma ujumbe wa kwanza wa punguzo la bei, majibu mengi yalikuwa swali moja: "Nani amewapa namba yangu?" Mteja mmoja alikuja mwenyewe akanieleza, kwa upole, kwamba alidhani namba ni ya risiti, tumtambue akija kubadilisha bidhaa. Alikuwa na haki kabisa. Mtu akiombwa namba kabla hajamaliza kulipa, huiona kuwa sehemu ya malipo.

Siku hizi nasubiri alipe, apokee risiti na mzigo wake, ndipo naomba: "Ukipenda, niachie namba nikutumie ofa zetu. Ni ujumbe mmoja kwa mwezi, hatumpi mtu mwingine, na ukichoka unajibu ACHA." Hilo "ukipenda" lisidondoke hata foleni ikiwa ndefu. Akisema hapana, namshukuru na kumhudumia anayefuata, simuulizi sababu. Ndiyo, namba ninazopata ni chache kuliko zamani, lakini ni za watu wanaoutarajia ujumbe wangu.

Simwachi aitaje kwa sauti wengine wakisikia. Namgeuzia kibodi aiandike mwenyewe, kisha namtumia ujumbe hapo hapo, unaoanza kwa jina la duka na kurudia ahadi niliyompa. Usipoingia kwenye simu yake, huenda tarakimu moja imekosewa, na tunairekebisha kabla hajaondoka. Bila hivyo ofa zako zitamfikia mtu baki ambaye hakukuruhusu lolote.

Panapoharibika zaidi ni kwenye daftari. Namba iliyotolewa kwa ajili ya kupelekewa mzigo au ya dhamana haijatolewa kwa ajili ya ofa. Mimi nina safu mbili, na ile ya ofa ina tarehe ya ruhusa na jina la mhudumu aliyeomba. Nikitaka kuhamisha namba kutoka safu moja kwenda nyingine, namwomba mwenyewe upya.

Na anayejibu ACHA simfuti tu. Niliwahi kufuta, kisha mhudumu akapakia nakala ya zamani ya orodha na watu wale wale wakatumiwa tena. Sasa namba zao zinakaa kwenye orodha ya wasiotumiwa, na kila orodha ya kutuma hulinganishwa nayo kwanza. Jaribu pia kujibu ujumbe wako kwa simu yako mwenyewe. Ujumbe unaotumwa kwa jina la duka badala ya namba kwa kawaida haujibiki, kwa hiyo ACHA ya mteja haikufikii kamwe. Kama wako uko hivyo, andika ndani yake namba ambayo mteja ataitumia neno ACHA, na mhudumu aitaje namba hiyo pale kaunta.