Ringi ya 220 inapimwa nje kwa nje

Wanangu mnaoanza saiti, juzi nilipita Fumba nikamkuta kijana mmoja anakunja ringi za nguzo, yaani vile vyuma vinavyozungushwa kuzifunga nondo zilizosimama. Mikono yake ni mizuri na kazi yake safi, lakini misumari ya meza ya kukunjia ameipima milimita 220 kwa ndani. Nilimsimamisha palepale. Kosa hilo nililifanya mimi miaka mingi nyuma, na sipendi kuliona likirudi.

1. Vipimo vya A, B na C kwenye jedwali la kukunja nondo husomwa nje kwa nje. Si ndani, wala katikati kwa katikati.

Chukueni nguzo C2 ya 300 kwa 300. Kwenye jedwali la nguzo imeandikwa `4Y16`, yaani nondo nne za mbavu za milimita 16, na ringi `R8-05-175`, yaani nondo laini ya milimita 8, alama 05, kila baada ya milimita 175. Mkiitafuta 05 kwenye jedwali la kukunja mtakuta umbo 51, yaani ringi ya pembe nne yenye ndoano mbili za kufungia, upande A ni 220, upande B ni 220, na urefu wa kukata 1050. Hiyo 220 imetoka wapi? Ni 300 ukitoa kava, yaani unene wa zege linalofunika chuma, ya 40 kila upande. Ndiyo maana kabla ya kukata nondo hata moja mimi hujumlisha A na kava mbili. Isiporudi kwenye kipimo cha nguzo, basi ama mimi nimesoma vibaya ama mchoraji amekosea, na simu hupigwa kabla msumeno haujashika.

2. Hapa nitakaa, maana panauma.

Nilikuwa msimamizi kijana kwenye nyumba ya ghorofa ufukweni, upande wa mashariki wa Unguja. Nguzo zilikuwa sita, ringi 20 kila moja, jumla 120. Nikazikunja zote kwa 220 ya ndani. Nondo ya milimita 8 ikiongezwa pande mbili, kila ringi ikawa 236 kwa nje. Dalili ilikuwepo: urefu wa kukata ulikuwa uleule, mzunguko umekula milimita 64 zaidi, kwa hiyo kila ndoano ikatoka fupi kwa takriban 32. Fundi mmoja mzee akaniuliza, "Bwana mdogo, mbona ndoano hizi fupi?" Nikamjibu kuwa mkataji amekata vibaya. Nilimsingizia mtu asiye na kosa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tukafunga boksi la kumwagia zege. Biskuti za 40, vile vipande vinavyoshikilia nafasi ya kava, hazikuingia, kwa sababu 236 na 80 ni 316, na boksi ni 300. Huo ulikuwa mlango wa pili wa kutokea, nami sikuutumia. Niliamuru biskuti zitolewe upande mmoja ili boksi lifunge, tukamwaga zege. Upande wenye biskuti ulibaki na kava ya 40. Ule mwingine ulibaki na 24, na upande huo ndio uliotazama bahari.

Baada ya miaka sita nilirudi. Nguzo mbili zilikuwa na mistari ya kahawia iliyolala, ikipishana kwa nafasi ileile ya ringi. Nikagonga kwa nyundo ndogo. Plasta na zege vikatoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Chumvi ya bahari ilikuwa imefika kwenye chuma, kutu ikavimba na kulipasua zege. Sisemi ringi peke yake. Zege lile tulilichanganya kwa mkono na maji mengi. Lakini upande wenye kava ya 40, kwa zege lilelile, ulikuwa mzima. Tulizitegemeza bimu, tukabomoa zege mpaka nyuma ya nondo, tukasugua chuma na kujaza upya. Mwenye nyumba alilipa mara mbili.

3. Idadi kwenye jedwali ina safu tatu: viungo vingapi, nondo ngapi kwa kila kiungo, na jumla. Zile 20 na 120 za hapo juu msizichanganye.

4. Angalieni herufi ya marekebisho kwenye mchoro na kwenye jedwali, zote mbili zilingane.

5. Kwenye bimu, T ni juu na B ni chini, lakini B1 ndani ya kiputo cha bimu ni jina la bimu, wakati B1 pembeni ya alama ya nondo za slabu ni tabaka la chini kabisa. Nimemwona mtu akitafuta bimu katikati ya slabu nusu saa nzima, maskini.

Yule kijana wa Fumba alikuwa ameshakunja ringi 31. Tuliziweka kando zote, maana ringi haikunjuliwi ikakunjwa tena palepale. Tukasogeza misumari mpaka ringi ya kwanza ikapima 220 kwa nje. Nikamwambia asiendelee kwanza. Aiingize kwenye boksi pamoja na biskuti za 40 pande zote nne. Ikakaa. Ndoano nazo zikatoka na urefu wake kamili, na hapo ndipo akaendelea na ya pili.